Muhami halali usingizi, anapiga hesabu

Kila mara mji mfu unapoitishwa, maneno mjini ni yale yale: wahami hawajali, wahami wanalala, sisi ndio tunawapigania. Mimi nasema hapana, na ninalisema mbele ya vijana wenyewe.

Angalieni nani anaingia barabarani. Kwa wingi ni vijana waliosoma. LUCHA ilizaliwa Goma mwaka 2012, vijana wakadai maji na kazi. Tarehe 16 Februari 2016, siku ya mji mfu, sita kati yao walikamatwa alfajiri wakitayarisha mabango, kisha wakahukumiwa. Ujasiri huo tunauheshimu. Lakini kijana wa namna hiyo mara nyingi anakula kwa wazazi, na akifungwa kuna wenzake wa kupiga kelele.

Mama muhami anauza ndizi. Faida ya leo ndiyo unga wa jioni. Mkifunga soko siku mbili, watoto wake wanalala njaa siku mbili, na mkubwa mnayemgomea anakula kama kawaida. Tena mama anaogopa jina lake lisifutwe kwenye orodha ya chakula. Huo si usingizi, ni hesabu.

Na ni yeye aliyekosa sauti kuliko sisi wote. Tarehe 20 Desemba 2023 nchi ilipopiga kura, Masisi na Rutshuru hakukuwa uchaguzi, sababu ya vita.

Ndugu zangu, kuna njia isiyomnyima mama chakula. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mukongomani haki ya kuandikia serikali ombi, peke yake au pamoja na wengine. Serikali inapaswa kujibu ndani ya miezi 3, na hakuna ruhusa ya kumshitaki mtu kwa ajili ya ombi hilo.

Ombi liwe na jambo moja tu, kwa mfano bomba la maji lililokauka. Liseme nani anaombwa, afanye nini. Asiyejua kuandika atie kidole. Mpeleke kopi mbili: moja ibaki ofisini, nyingine irudi na muhuri na tarehe. Bila muhuri, kesho watasema hawakuona kitu.

Sidanganyi mtu: ofisi inaweza kunyamaza. Lakini miezi 3 ikipita, kopi yenye muhuri inaonyesha nani amevunja Katiba, na hapo hata redio ina cha kuuliza. Na pale ambapo orodha ya majina ni hatari, wachache waliochaguliwa na kambi watie sahihi kwa niaba ya wengine.

Basi ninyi vijana, barua zenu za Kifaransa zinazosomwa hotelini hazifiki kwenye hema. Njooni kambini, someni ombi kwa Kiswahili kwa sauti, ngojeni akina mama walisahihishe. Wakikataa siku hiyo, ndipo mseme wamelala.