Karema na Kalema: jinsi mzigo wangu ulivyoenda sehemu isiyo sahihi

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, leo naongea na wale mnaoandika oda kwenye Google Sheets au Eksel halafu mwisho wa mwezi mnajumlisha kata ipi imenunua zaidi. Hiyo jumla yako inaweza kuwa inakudanganya, hata kama hujakosea hesabu.

Mimi nauza vitenge na viatu vya watoto, niko Mpanda mjini. Oda nilikuwa nazo kwenye faili tatu: za Watsapu, za dada anayenisaidia dukani, na za mizigo inayoenda na basi. Mwezi mmoja nikaziunganisha nijue nimpe nani mzigo auze kwa niaba yangu. Inyonga ikaja juu na oda 19. Nikapeleka mzigo wa laki nne Inyonga, ukakaa.

Nilipokaa chini kuangalia, nikakuta hivi: Karema oda 14, Kalema oda 9, halafu "Karema " nyingine oda 5. Hiyo ya tatu ina nafasi imebaki nyuma ya jina, kwa macho huioni kabisa. Kumbe ni sehemu moja, oda 28! Wateja wangu wakubwa walikuwa kule ziwani, ila shiti iliwagawa mafungu matatu na kila fungu likaonekana dogo.

Watu wengi wakigundua hivi wanakimbilia kubadilisha majina moja moja kwa mkono, au wanabonyeza badilisha zote, kila L iwe R. Mimi napinga hilo. Ukifanya hivyo Mlele inakuwa Mrere. Na ukishafuta alichoandika mteja, huwezi tena kurudi kuangalia kama ulikosea.

Njia ninayotumia sasa ni hii. Safu ya alichoandika mteja siigusi. Nimefungua shiti nyingine nikaiita MAJINA, ina safu tatu: A ni jina kama lilivyoandikwa, B ni kata sahihi, C ni halmashauri. Kwa mfano Kalema naiandikia Karema, Tanganyika. Maji Moto naiandikia Majimoto, Mpimbwe. Hata Karema yenyewe inaandikwa kwenye A, isipokuwepo haitapatikana. Tahajia ya kata nafuata orodha ya Sensa ya 2022 ya NBS, ili tusibishane mimi na dada wa dukani.

Kisha kwenye shiti ya oda, kama jina la mteja liko B2, safu ya pembeni naweka:

```
=VLOOKUP(TRIM(B2), MAJINA!A:C, 2, FALSE)
```

TRIM inaondoa zile nafasi za mbele na nyuma. Herufi kubwa na ndogo hazisumbui hapa. Hiyo FALSE usiiache, maana ukiiacha fomula inaweza kukuletea jina lililo karibu badala ya jina lenyewe, na wewe hutajua. Ukitaka halmashauri, badilisha 2 iwe 3. Jumla zako zote zisome safu hii mpya, siyo ile ya mteja.

Ikitokea #N/A usikasirike wala usiifiche. Hiyo inakuambia kuna uandishi mpya ambao haumo kwenye orodha. Unauongeza mara moja, basi. Mwezi wa kwanza niliongeza mingi, sasa ni miwili au mitatu tu.

Ila kuna kitu fomula haiwezi kukuamulia, nacho ni neno "Mpanda". Mpanda ni manispaa, na pia ni wilaya ambayo ndani yake kuna Manispaa ya Mpanda na Halmashauri ya Nsimbo. Halmashauri ya Tanganyika nayo zamani iliitwa Halmashauri ya Wilaya ya Mpanda, kwa hiyo kwenye faili za zamani mtu wa huko anaweza kuandikwa Mpanda. Na Mpandandogo ni kata ya Tanganyika, siyo mtaa wa hapa mjini. Ukiyaunganisha yote kwa sababu yanaanza na Mpanda, umetoka kwenye kosa la kugawanya ukaingia kwenye kosa la kuchanganya, na hili la pili ni gumu zaidi kuligundua.

Kwa hiyo mteja akiandika "Mpanda" tu, mimi safu B naweka neno MUULIZE. Linajumlishwa peke yake, naona ni oda ngapi, nawapigia. Bora oda sita zisizo na kata kuliko oda sita zilizowekwa kwenye kata ya kubahatisha.

Leo usiku kabla hujaagiza mzigo, panga safu yako ya kata kwa alfabeti. Usiishie kutazama majirani tu, maana Karema na Kalema wanaweza kukaa mbalimbali kwenye orodha. Soma mpaka chini.