Lugha Tunazoziandika, Lugha Tunazozificha



Kijana mmoja wa hapa Rumangabo aliniletea wasifu wake nimsahihishie. Aliomba kazi ya kupita nyumba kwa nyumba katika Rutshuru, akiwahoji wakulima juu ya mashamba yao. Penye lugha aliandika: Kifaransa, vizuri sana; Kiingereza, vizuri. Kiswahili na Kinyabwisha hakuvitaja kabisa. Alijisifia lugha asiyoimudu, akazificha zile ambazo kazi yenyewe ingefanyika kwazo.

Neno «vizuri» halipimiki. Ngazi sita za Baraza la Ulaya, A1 hadi C2, zilizotolewa mwaka 2001, hupima kile mtu awezacho kutenda. Mwenye A2 hununua, huuliza njia na hujieleza kwa maneno mepesi. Mwenye B1 husimulia yaliyompata na kutoa sababu za maoni yake. Mwenye B2 hujadiliana na wenye lugha bila taabu kwa pande zote mbili. Tena, mtu mmoja aweza kuwa na ngazi moja katika kusoma na nyingine katika kuandika.

Basi tulijipima. Nilimwomba anisimulie kwa Kiingereza safari yake ya mwisho ya kwenda Goma. Alijitambulisha, akataja bei ya usafiri, kisha akakwama alipotaka kueleza kwa nini alichelewa. Hiyo ni A2. Kwa Kifaransa alisoma ripoti na kuifafanua barabara, lakini barua yake ilikuwa na sentensi fupi na makosa mengi. Mwishoni tuliandika hivi:

Kinyabwisha: lugha ya mama, kuandika kidogo.
Kiswahili: lugha ya kila siku, kusoma na kuandika.
Kifaransa: kusoma B2, kuandika B1.
Kiingereza: A2.

Chini yake tukaongeza: «ngazi za kujipima mwenyewe», kwa kuwa hakuwa na cheti cha mtihani kama DELF. Lingala, ambayo alijua salamu zake tu, tuliiacha.

Alisitasita juu ya Kinyabwisha. «Mwalimu, watanihesabia kabila.» Hofu hiyo katika nchi yetu si ya bure, wala sikumcheka. Nilimjibu kwamba kujua lugha si kutangaza ukoo, maana jirani huijua lugha ya jirani yake. Hata hivyo, wasifu si ungamo. Kuiacha lugha ambayo kazi haiihitaji si uongo, na mtu aweza kuiacha kwa usalama wake. Kuiongezea ngazi lugha usiyoimudu ndiko uongo, na anayeumizwa nao ni mkulima ambaye jibu lake litaandikwa kinyume.

Kwa kazi ile, Kinyabwisha kilihitajiwa. Alikitafakari usiku mmoja, akakiandika mstari wa kwanza.