Kusikiliza Tu Hakukufundishi Kusikia

Kuna ushauri mmoja unaopigiwa debe kila kona ya mji huu: "Unataka kujua Kifaransa? Weka podikasti masikioni, sikiliza asubuhi kwenye daladala, sikiliza jioni ukipika, sikiliza mpaka usinzie. Itaingia yenyewe." Jamani, haiingii yenyewe. Nawajua watu waliosikiliza mwaka mzima, na leo ukiwawekea taarifa ya habari ya dakika moja wanakutajia majina ya marais na miji, basi. Kilicho katikati ya majina hayo ni kelele tamu.

Kwa nini nalivalia njuga jambo dogo hivi? Kwa sababu Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na sisi wanahabari wa Dar na Nairobi bado tunasubiri mashirika ya Kiingereza yatutafsirie kilichosemwa Goma, mji ambao uko jirani zaidi na sisi kuliko ulivyo na London. Msemaji anaongea Kifaransa mbele ya maikrofoni, nasi tunasubiri. Wengi wetu hata tumesoma lugha hiyo. Gazeti la Kifaransa tunalisoma kwa kubabaiza, lakini sikio halijui.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu. Tatizo la mtu anayesoma lakini hasikii si msamiati, na kumwagia sikio saa nyingi zaidi za sauti hakulitibu. Mwaka 2008 Mwingereza John Field, mtaalamu wa ufundishaji wa kusikiliza, alitoa kitabu kizima akiushambulia mtindo wa darasani ambao nadhani sote tumeupitia: mwalimu anacheza kanda, anauliza maswali matano, anasoma majibu sahihi, mnasonga mbele. Ule ni mtihani. Aliyekosa anajua amekosa, lakini hajui alikosea wapi wala kwa sababu gani, kwa hiyo kesho atakosea palepale. Podikasti ya kwenye daladala ni mbaya zaidi, maana haina hata maswali matano.

Dawa ipo, haina gharama, na inachosha. Sikiliza, kagua kwa maandishi, sikiliza tena. Kwa Kifaransa naipendekeza taarifa ya RFI iitwayo Journal en français facile. Ni ya dakika 10, watangazaji wanafafanua mambo magumu wakiendelea kusoma, na maandishi yake yanawekwa pamoja na sauti. Lakini usizichukue dakika zote 10! Chukua sekunde 30 au 40. Hizo tu zitakula nusu saa yako.

Sikiliza kipande mara mbili bila kugusa maandishi. Halafu anza tena, sentensi moja moja, na uandike kwenye karatasi unachosikia kwa herufi zetu za Kiswahili. Usiandike unachodhani ndiyo tahajia ya Kifaransa. Andika sauti. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyosemwa, kwa hiyo ni kinasa sauti kizuri cha sikio lako. Usichosikia, weka kistari. Ukifika mahali ambapo kurudia hakukuongezei kitu, acha. Hapo ndipo unafungua maandishi, si kabla.

Ngoja nioneshe kwa mfano. Sentensi hii nimeitunga, ila zinazofanana nayo utazikuta kwenye taarifa za habari kila leo. Dada mmoja wa chumba cha habari nilimsomea kwa spidi ya mtangazaji, naye akaandika hivi:

"Le zotorite – anonse yeswar ke le zekol uvriron palendi."

Akanitafsiria: "Zotorite wametangaza jana jioni kwamba Zekol watafungua Palendi." Zotorite akadhani ni chama, Zekol akadhani ni kampuni, Palendi akadhani ni mji. Sasa maandishi:

"Les autorités ont annoncé hier soir que les écoles n'ouvriront pas lundi."

Yaani: mamlaka zimetangaza jana jioni kwamba shule hazitafunguliwa Jumatatu. Tazama kilichotokea. Habari imegeuka juu chini. Shule hazifunguliwi, yeye kasikia kitu kinafunguliwa. Na katika sentensi hiyo hakuna neno hata moja asilolijua! "Autorités", "écoles", "pas", "lundi", yote anayasoma bila kamusi. Mpe orodha ya maneno mapya akariri, utakuwa umemtibu malaria mtu aliyevunjika mguu.

Kwa hiyo hatua ya kukagua si kuweka vema na mkasi. Ni kuuliza kila kosa limezaliwa na nini. Natumia herufi tatu pembeni ya karatasi. N ni neno nisilolijua. S ni neno ninalolijua lakini sikulitambua kwa sauti. U ni pale uzi ulipokatika: maneno niliyasikia, ila sentensi ilikuwa ndefu, nilipofika mwisho nikawa nimesahau mwanzo. N inatibiwa na kamusi. U inatibiwa kwa kurudia sentensi nzima na kuieleza kwa Kiswahili bila kusimamisha sauti. Karatasi ikijaa N, kipande ni kigumu mno kwako, tafuta kingine. Ugonjwa wa wasomaji kama sisi ni S, na ndiyo inayohitaji usikivu wa tatu.

Karatasi ya yule dada ilikuwa S tupu. Ukiangalia vizuri, makosa yake mawili ni kosa moja. "Zotorite" na "zekol" zote zimeanza na z isiyokuwepo kwenye neno. Ile s ya "les", ambayo kwa kawaida iko kimya, ikikutana na irabu mbele yake inaamka, inageuka z na kurukia neno linalofuata. "Palendi" ni maneno mawili yaliyosemwa kwa pumzi moja. Na ile n' ya kukanusha ni nyembamba kiasi cha kumezwa, kwa hiyo mzigo wote wa "hapana" umebebwa na "pas", ambayo yeye aliibandika kwenye jina la mji.

Hapa Mswahili ana mtego wake mwenyewe. Sisi mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno yetu huishia na irabu. Bila kujua, sikio letu linatumia mkazo huo kukata maneno: ukiusikia, unajua bado silabi moja neno liishe. Kifaransa hakina alama hiyo. Mkazo wake unaangukia mwisho wa kifungu kizima, na konsonanti zinavuka mpaka kwenda kwa jirani. Sikio letu linasubiri kengele isiyolia. Ndiyo maana saa mia moja za daladala hazisaidii: unaisubiri kengele ileile mara mia moja.

Basi, hatua ya tatu. Maandishi yakiwa wazi, rudi kwenye sehemu zenye S tu. Zicheze mara tatu nne, na useme pamoja na mtangazaji, "lezotorite" kwa pumzi moja, mpaka mdomo ukubali kwamba haya ni "les" na "autorités". Kisha funga maandishi na usikilize kipande chote kuanzia mwanzo. Watu wengi hawafiki hapa. Wakishaona jibu wanasema "aah, kumbe!" na kufunga simu. Ile "kumbe" ni ya jicho. Sikio bado halijafanya kazi yoyote.

Utajuaje kama umesikia au umekumbuka tu? Kesho yake sikiliza kipande kilekile bila maandishi. Kikipita, usishangilie bado, huenda umekariri. Chukua taarifa ya siku nyingine na uiwinde z ileile. "Les élections" itakuja kama "lezeleksion". "Ils ont", wana, itakuja "ilzon", na "ils sont", wao ni, itakuja "ilson". Tofauti ni z na s tu, na sisi tunaotofautisha zana na sana hatuna kisingizio. Ukiikamata kwenye sentensi ambayo hujawahi kuiona imeandikwa, hapo umesikia.

Najua wapo watakaosema: "Mimi nasikiliza huku nasoma maandishi, naelewa vizuri sana." Ndiyo, unaelewa, kwa sababu unasoma! Jicho likishatangulia, sikio linafuata kama tela, na kila kitu kinaonekana kinasikika. Usikivu wa kwanza wa kipande chochote unaupata mara moja tu. Ukishasoma, huwezi tena kujua ungesikia nini. Wengine wanapunguza spidi. Sawa, baada ya kukagua, kwa sehemu moja sugu, halafu urudi spidi ya kawaida. Hakuna msemaji wa serikali atakayekupunguzia spidi.

Nitende haki pia. Mzunguko huu haufanyi miujiza. Kuna irabu za puani za Kifaransa ambazo Kiswahili hakina, kwa mfano katika "cent", mia, na "sont", ni. Kama sikio lako linazisikia kuwa kitu kimoja, maandishi yatakuambia umekosea lakini hayatakupa masikio. Hizo unazifanyia zoezi la jozi, neno moja kando ya jingine, mpaka zitengane. Na maandishi yenyewe si msahafu. Kwenye mahojiano, kigugumizi na marudio mara nyingi husafishwa, kwa hiyo ukisikia neno lisiloandikwa huenda sikio lako ndilo lililo sahihi. Tena, redio ya Paris inakufundisha Kifaransa cha Paris. Anayeilenga Kongo aongeze Radio Okapi, iliyo hewani tangu 2002, akijua kwamba habari zilizoandikwa kwenye tovuti yake si nakala ya neno kwa neno, hivyo zinafaa kukagua maana na majina, si kila silabi.

Na kusikiliza sana, saa na saa? Kuna nafasi yake, baadaye. Aliyekwisha kujua kukata maneno anapata wepesi kwa kusikiliza sana. Asiyejua anazoea tu kutoelewa, na hilo nalo ni mafunzo: unalifundisha sikio kwamba kelele ni hali ya kawaida.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye podikasti arobaini kwenye simu, futa thelathini na tisa. Bakiza sekunde 40, kalamu na karatasi. Anayebisha aje na karatasi yake ya jana, tuhesabu S.