Tiketi ya WhatsApp ni ya atakayefika getini kwanza

KILA shoo kubwa ikikaribia Nairobi, grupu za WhatsApp na Telegram hujaa ujumbe wa aina moja: “Nina tiketi mbili, siendi tena, nauza kwa bei poa.” Muuzaji hakosi sababu. Amepata safari ya ghafla, ama wamekosana na mpenzi, ama bosi amembadilishia zamu. Unatuma pesa kwa M-Pesa, unatumiwa picha ya tiketi yenye msimbo wa QR, unaanza kutafuta nguo ya kuvaa. Siku yenyewe ikifika, skana inalia, skrini inageuka nyekundu, na baunsa anakwambia usimame kando.

Wengi wenu mnadhani tiketi feki ni ile iliyotengenezwa ovyo: nembo imefifia, jina la msanii limekosewa, rangi hazifanani na za bango. Hizo zipo, lakini siku hizi ndizo rahisi zaidi kuzitambua. Inayowaumiza watu ni tiketi halisi kabisa, iliyolipiwa kwenye tovuti halali, kisha ikauzwa kwa watu watano. Ndiyo maana nasema hivi bila kuzunguka: tiketi uliyotumiwa kwenye chati si yako mpaka mfumo ulioiuza utoe msimbo mpya kwa jina lako. Na waandaaji wa shoo wanaojua hivyo wakanyamaza wana lawama yao pia.

Ili unielewe, tuangalie kinachofanyika pale getini. Ukinunua tiketi mtandaoni, mfumo hutengeneza nambari ya kipekee na kuihifadhi kwenye orodha yake. Chukulia ni `7F4Q-92XM`. Ule mraba wa nukta nyeusi na nyeupe ni nambari hiyo tu, imechorwa kwa namna ambayo kamera inaweza kuisoma haraka. Hauna siri nyingine ndani. Ukiupiga picha, ukauchapisha kwenye karatasi ama ukautumia rafiki yako Mombasa, nambari inabaki ile ile. Kwa hivyo kusema “nina tiketi orijino, wewe una kopi” hakuna maana. Mbele ya skana, kopi na orijino ni kitu kimoja.

Mhudumu akielekeza skana kwenye simu yako, mashine huuliza orodha maswali machache. Je, nambari hii ipo? Ni ya shoo hii, siku hii na sehemu hii, VIP ama kawaida? Je, imeshatumika? Ikiwa ipo na haijatumika, skrini inakuwa kijani na papo hapo nambari inawekwa alama kwamba mwenyewe ameingia. Kuanzia sekunde hiyo, yeyote mwingine atakayekuja nayo atakataliwa. Mashine haijui nani alilipa. Inajua tu nani alitangulia.

Ukikataliwa, usikubali kufukuzwa kabla ya kuona skrini imeandika nini, kwa sababu maneno yale hukwambia umetapeliwa vipi. Ikisema `INVALID` ama `NOT FOUND`, nambari haipo kwenye orodha ya shoo hiyo. Huenda tiketi ilibuniwa tu, ama ni ya shoo nyingine iliyobadilishwa maandishi. Ikisema `ALREADY USED`, tiketi ni ya kweli lakini kuna mtu ameingia nayo. Mifumo mingi huonyesha hata saa aliyoingia na geti alilopitia. Uliza hayo mawili na uyaandike. Utayahitaji.

Sasa tupige hesabu ya tapeli. Ananunua tiketi moja ya Sh2,000 kwa njia halali. Anaiuza kwa Sh1,500 kwenye grupu tano, mtu mmoja kila grupu. Anapata Sh7,500, na akitoa aliyolipa anabaki na Sh5,500. Kati ya wale watano, mmoja ataingia, yule aliyefika mapema. Wanne watarudi nyumbani. Lakini angalia ujanja ulipo: yule mmoja aliyeingia ataandika kwenye grupu lake kwamba jamaa ni mkweli, hana maneno. Shoo ijayo tapeli atakuwa na shahidi mwaminifu ambaye hajui kwamba alitumiwa kama chambo. Ndiyo maana ukiambiwa “muulize fulani, nilimuuzia akaingia”, bado hujaambiwa kitu.

Na si lazima mwenye tiketi awe ndiye tapeli. Kuna wanaofurahia tiketi yao mpaka wanaiweka kwenye stetasi, msimbo ukiwa wazi. Yeyote anayeiona anaweza kuihifadhi na kukutangulia getini. Wengine huweka emoji kwenye kona moja wakidhani wameuficha. Msimbo wa QR uliundwa mwaka wa 1994 na kampuni ya Denso Wave ya Japani kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, na ulitengenezwa usomeke hata ukichafuka. Katika kiwango chake cha juu zaidi cha kujirekebisha, unaweza kusomeka hata takriban asilimia 30 yake ikiharibika. Kaemoji kadogo hakakusaidii. Ukitaka kuringa, funika mraba wote na nambari iliyoandikwa chini yake.

Basi ukiwa mnunuzi, unaweza kukagua nini kabla ya kutuma pesa? Muuzaji akikuonyesha tiketi ambayo msimbo umefunikwa, amekuonyesha bango tu. Akikutumia yenye msimbo wazi, usome kwa kamera ya simu yako. Hakuna madhara, kwani simu yako haijaunganishwa na orodha ya getini na haiwezi kuitumia tiketi. Nambari iliyotokea ikitofautiana na iliyoandikwa chini ya mraba, achana nayo. Ukiuziwa tiketi mbili zenye nambari moja, achana nazo pia. Msimbo ukifungua ukurasa wa mbele tu wa tovuti fulani bila nambari yoyote, hiyo ni mapambo.

Lakini shika hili: yote yakilingana, umethibitisha tu kwamba tiketi imeundwa vizuri. Hujathibitisha kwamba hajauziwa mwingine, na hakuna jicho wala simu itakayokuonyesha hilo. Hata barua pepe ya risiti anayokutumia haitoshi, maana anaweza kuituma kwa watu kumi.

Njia inayofanya kazi ni uhamisho rasmi. Baadhi ya mifumo ya tiketi humruhusu mwenye tiketi aingie kwenye akaunti yake na kuihamisha kwa jina na barua pepe yako. Mfumo unaua msimbo wa zamani na kukutumia mpya. Hapo hata akiwa na picha elfu za ule wa kwanza, zote zitaonyesha nyekundu. Kutaneni mahali pa watu wengi, afanye uhamisho mkiwa pamoja, na tiketi ikifika kwenye akaunti yako ndipo utume pesa. Kama mfumo hauna uhamisho na unamtaka sana msanii huyo, mwambie muuzaji mkutane getini, tiketi iskaniwe mbele yake, ikionyesha kijani umlipe. Asiyekuwa na cha kuficha anaweza kulalamika kuhusu muda wake, lakini atakuja. Tapeli atakwambia yuko Nakuru.

Wakati wa kulipa, M-Pesa hukuonyesha jina la mpokeaji kabla muamala haujakamilika. Lisome. Jina likiwa tofauti na la mtu mnayechati naye, na aanze kusema hiyo ni laini ya binamu, simama hapo.

Najua mtaniambia, “Mbona mimi nilitumia skrinshoti ya rafiki na tukaingia sote wawili?” Inawezekana. Watu maelfu wakikusanyika mahali pamoja, mtandao hulemewa, na skana nyingine hufanya kazi kwa orodha iliyopakuliwa mapema. Bila mtandao, geti moja halijui geti la pili limemruhusu nani, kwa hivyo nambari moja inaweza kupita mara mbili mpaka mashine ziwasiliane tena. Hiyo ni bahati ya siku moja. Siku nyingine nyinyi ndio mtakaosimamishwa kando.

Nirudi kwa waandaaji. Agosti 2025, wakati wa CHAN, baada ya vurugu za mashabiki kuingia Kasarani bila tiketi, CAF ilipunguza idadi ya mashabiki na kutaka tiketi za kielektroniki pekee. Tangu hapo ni kama tumeaminishwa kwamba tiketi ikiwa kwenye simu, basi tatizo limeisha. Halijaisha. Tiketi ya karatasi angalau ilibidi uikabidhi ukiiuza. Ya simu unaiuza na bado unabaki nayo.

Kuna dawa kali zaidi. Ticketmaster ya Marekani ina tiketi ambazo msimbo wake hubadilika kila sekunde 15, hivyo skrinshoti inakufa kabla haijafika kwa mnunuzi. Sidhani tuikimbilie. Inataka kila shabiki awe na simu janja yenye chaji, na foleni zetu tunazijua. Cha kwanza ninachodai ni rahisi kuliko hicho: kila anayeuza tiketi mtandaoni aweke kitufe cha uhamisho, bila ada ya kuumiza. Mtu hupata msiba, hupata zamu, na akinyimwa njia halali ya kuuza tiketi atakimbilia grupu, ambako tapeli tayari amekaa. Cha pili ni meza getini ya kusikiliza waliokataliwa, yenye mtu anayeweza kufungua orodha na kukwambia tiketi hii ilinunuliwa lini na iliingia saa ngapi. Hayo yote yamo ndani ya mfumo tayari. Kijana aliyelipa Sh1,500 za jasho lake hastahili kusukumwa na baunsa kana kwamba yeye ndiye mwizi.

Na ikiwa yameshakukuta, usifute chati kwa hasira. Hifadhi mazungumzo, namba ya simu, ujumbe wa M-Pesa, na ile saa uliyoiandika getini. Ripoti namba hiyo kwa Safaricom kwa kutuma ujumbe kwa 333, kisha nenda kituo cha polisi upewe nambari ya OB. Tangu 2018 tuna sheria ya makosa ya mitandaoni, na ulaghai wa aina hii umo. Pesa huenda zisirudi, kwani tapeli hutoa haraka. Ila kama mmetapeliwa wanne na muuzaji mmoja, tafutaneni muende pamoja. Malalamiko manne yenye namba moja ya simu ni magumu kuyapuuza kuliko moja.