Saruji Huufungia Ukuta Unyevu

Kuta za mawe na chokaa za Mji Mkongwe, Unguja, hazina kizuizi cha unyevu katika msingi, kwa hiyo hunyonya maji ya ardhi, na maadamu lipu ni ya chokaa, maji hayo hutoka yakawa mvuke. Lakini zikipigwa saruji, maji hupanda juu zaidi, na chumvi yake huibambua lipu. Doa lililo karibu na dari, aghalabu, ni la paa au bomba. Kwa doa la maji ya ardhi, kwanza teremsha udongo wa nje chini ya usawa wa sakafu, kisha bandua saruji hadi nusu mita juu ya doa, uache ukuta ukauke kwa miezi kadhaa, ndipo upige lipu ya chokaa 1 kwa mchanga 3, nao, tafadhali, usiwe wa pwani.