Hisa za Nje: Hesabu Hasara Mara Mbili Kabla ya Kununua

Wateja wetu wengi walio Dubai na Abu Dhabi hutuma pesa nyumbani kila mwezi, na siku hizi baadhi yao hubakisha kiasi cha kununua hisa za Marekani kupitia simu. Hatuna neno na hilo. Tunachopinga ni namna wengi wanavyoamua wanunue hisa ngapi: wanaangalia bei ya hisa peke yake na kusahau bei ya dola.

Dirham imefungwa kwa dola tangu 1997, dola moja kwa dirham 3.6725. Kwa hiyo ukilipwa dirham na ukanunua hisa za dola, huoni mabadiliko yoyote, na ni rahisi kudhani kwamba hatari ya sarafu haikuhusu. Lakini jiulize: pesa hii mwishowe itafanya nini? Kama ni ya kununua ploti Kitengela au kulipa karo Kisumu, basi itatumika kwa shilingi. Faida na hasara yako ipime kwa shilingi. Anayepanga kubaki huko huko apime kwa dirham.

Yaliyotokea 2024

Mwishoni mwa Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Februari Kenya ikauza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 ili kuanza kulipa ile iliyokuwa inaiva Juni. Hofu ikapungua, na kufikia mapema Aprili dola ilikuwa karibu shilingi 130.

Tuseme Januari hiyo ulikuwa na akiba ya shilingi 500,000, na umeamua kwamba biashara moja isikupotezee zaidi ya 10,000. Unataka hisa ya dola 50, na utauza ikishuka hadi 45. Hasara ya dola 5 kwa kila hisa ni shilingi 800, kwa hiyo unanunua hisa 12. Ikiharibika, unapoteza 9,600. Hesabu inaonekana safi.

Sasa hisa ishuke hadi 45 na dola ishuke hadi 130. Kila hisa uliyonunua kwa shilingi 8,000 unaiuza kwa 5,850. Hisa 12 zimekula shilingi 25,800, zaidi ya mara mbili na nusu ya kikomo chako. Agizo la kuuza kwa 45 lilifanya kazi yake sawasawa, ila agizo hilo hulinda dola tu. Na hata kama hisa isingetikisika, ungepoteza 18,000.

Utasema, "Mimi sikuwa na shilingi, nalipwa dirham." Kweli, lakini ungetuma pesa hizo Januari, zingefika nyumbani kwa bei ya 160. Mwenye ploti hakupunguza bei kwa sababu dola imeshuka.

Hesabu tunayopendekeza

Chukua dola kwa shilingi 130, hisa ile ile ya 50, na kikomo kile kile cha 10,000. Kabla ya kununua, chagua bei mbaya ya dola katika muda utakaoshika hisa. Kwa miezi michache tungeanza na 120. Anayeshika mwaka mzima aweke nafasi kubwa zaidi, kwa sababu 2024 ilionyesha shilingi 30 zinaweza kuondoka kwa miezi michache tu.

Unanunua kwa 50 mara 130, yaani 6,500. Ukiuza vibaya ni 45 mara 120, yaani 5,400. Hasara kwa kila hisa ni 1,100. Gawanya 10,000 kwa 1,100, upate hisa 9. Bila kuhesabu sarafu ungenunua 15.

Hisa tano, dola moja

Kuna mtego mwingine. Mtu hununua kampuni tano tofauti, hisa 9 kila moja kwa bei hiyo hiyo, akiamini ametawanya hatari. Kampuni ni tano kweli, lakini dola ni ile ile moja. Ikishuka hadi 120, hisa zote 45 zinapoteza shilingi 500 kila moja siku hiyo hiyo: jumla 22,500, bila kampuni hata moja kufanya vibaya. Ndiyo maana tunasema uweke kikomo cha pili, cha dola zote ulizoshika kwa pamoja. Kama hutaki sarafu ikule zaidi ya 15,000, basi usizidishe dola 1,500, hata ukiona nafasi nzuri ya hisa nyingine.

Wapo watakaotukumbusha 2022, hisa za Marekani ziliposhuka huku dola ikipanda kutoka karibu 113 hadi 123 na kupunguza machungu. Ni kweli, sarafu wakati mwingine hukukinga. Lakini ukubwa wa biashara hupangwa kwa siku ambayo haikukingi.

Programu ya kununulia hisa itakuonyesha dola peke yake. Hesabu ya shilingi iandike wewe, kabla hujabonyeza kununua.