Habari ya Mpaka na Safari ya Voi

Mnamo Julai 31, 2024, Wizara ya Afya ilitangaza kuwa kisa cha kwanza cha Mpox nchini kimegunduliwa katika kituo cha mpakani cha Taveta. Nilikuwa nimebakiza siku chache kuwaongoza wanafunzi kwenda Taita Taveta kurekodi Kidawida, Kisaghala na Kitaveta. Kabla ya magharibi, wazazi walikuwa wakinipigia simu wakitaka safari ivunjwe.

Chanzo kimoja cha hofu hiyo kilikuwa neno. Wengi waliuita ugonjwa huo 'homa ya nyani', na mtu asikiapo homa huwaza mafua yaenezwayo kwa pumzi ndani ya matatu. Lakini kirusi chake ni cha jamii ya ndui. Huenea hasa kwa kugusana ngozi na mwenye vipele, au kwa kutumia matandiko na nguo zake. Lau tungelisema 'ndui ya nyani', mzazi angeliuliza habari za shuka kabla ya habari za basi.

Habari ya namna hii yafaa isomwe kwa maswali matatu: ni nani aliyeugua, wapi, na ugonjwa huenea vipi? Aliyeugua alikuwa msafiri wa kutoka Uganda kwenda Rwanda, aliyekuwa akipita mpakani. Tangazo halikusema kwamba wakazi wameambukizwa. Tena, Voi i umbali wa zaidi ya kilomita 100 kutoka Taveta.

Basi hatukuivunja safari, tuliipanga upya. Voi ni njia panda, nako ndiko tulikoweka kambi. Kisaghala tulikirekodi karibu na mji, kisha tukapitia Mwatate kupanda Wundanyi kwa ajili ya Kidawida. Siku ya soko la Taveta tuliiondoa, na malazi ya huko hatukuyalipia. Kila mwanafunzi alibeba shuka na taulo zake, na vipokea sauti vya masikioni havikuazimwa.

Tuliweka pia mipaka miwili mapema: wakazi wa kaunti wakitangazwa kuambukizana, tunarudi, mmoja wetu akipata homa, uvimbe wa tezi au vipele, anakwenda hospitali wala haingii nyumbani mwa mzee yeyote. Kwani sisi pia tulitoka Nairobi, mji wa wasafiri. Niliwapigia wazee simu upya kuomba idhini. Mmoja alikataa, nasi tukamheshimu.

Dalili huweza kuchelewa hadi siku 21, kwa hiyo niliweka orodha ya wanafunzi na kuwauliza hali zao kwa majuma matatu baada ya kurejea. Hakuna aliyeugua.

Hasara ilikuwapo: Kitaveta hatukukirekodi. Hata hivyo, nawasihi walimu wenzangu: kabla ya kuvunja safari nzima kwa ajili ya kichwa cha habari, tafuteni ni sehemu ipi hasa ya safari ambayo habari hiyo inaigusa.